Magunia ya Pamba Kuzunguka Ukuta

Baba aliniambia wazi: "Mama, binti yangu, nikikosa kusikia neno moja tu ndani ya kaseti yako, nitajua mmenidanganya ili nifurahi."

Alikuwa hajatoka nyumbani kwake Butiama kwa miaka minne. Alikuwa karani wa mzani katika chama cha ushirika, na miaka ile ya dhiki pamba ilipopungua ghalani Bunda, jina la mwizi likamkaa yeye. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, chama kikaitisha mkutano mkubwa wa wakulima, na mwenyekiti angetangaza kilichogunduliwa: mzani wenyewe ndio uliokuwa mbovu. Baba akakataa katakata kwenda kusimama mbele ya watu. Basi nikaenda mimi na redio yangu ya kurekodia, ile niliyorekodia kwaya na harusi Nyasho, Musoma.

Nilifika Bunda siku moja kabla ya mkutano. Ghala, ambamo mkutano ungefanyika, lilikuwa limejaa magunia ya pamba mpaka karibu na bati. Nikamwomba mwangalizi, mzee mmoja Mwislamu mcheshi, asome gazeti pale mbele. Sauti ikaingia kwenye kaseti safi kabisa. Nikalala fofofo.

Asubuhi nikaingia ghalani, nikasimama mlangoni kama mtu aliyepotea njia. Hakuna gunia hata moja! Walikuwa wamehamishia yote uani ili wageni wapate nafasi, wakafagia, wakamwagia sakafu maji. Nikapiga kofi moja. Lile kofi likazunguka bati na kuta na saruji, likarudi, likazunguka tena. Mwangalizi akasoma mstari ule ule wa jana. Nilipocheza kaseti, kila neno lilikuwa limekanyagwa na mkia wa neno lililotangulia. Nikapunguza besi, ile sauti nzito, nikapandisha sauti nyembamba. Mngurumo ukapungua kidogo, maneno yakabaki vilevile. Kilichokwisha kuchanganyika kwenye utepe hakichambuliki.

"Ala! Nani kawatuma kutoa pamba?" nikamfokea yule mzee. Ninajijua, mdomo wangu hauna breki.

"Si wageni, mwanangu? Wangekaa juu ya magunia kama panya?"

"Wakae! Pamba ndiyo ilikuwa inameza sauti!"

Akanicheka. "Wallahi, leo nimesikia. Pamba inakula maneno."

Nikamwomba jambo moja tu: magunia kumi kwenye kona moja. Wakulima waliowahi kufika wakayabeba wakinitania kwamba binti wa karani anataka kupima tena. Neno lile liliniuma. Yalipopangwa nikapiga kofi mbele yake, likafa papo hapo; kisha nikapiga katikati ya ghala, likazunguka tena. Mzee hakucheka tena. Akapiga mwenyewe, huku, kule, akarudi huku.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Rudisheni yote. Zungusheni ukuta."

Nimeona mambo mengi, lakini sijawahi kuona kama yale. Wanaume walipita na magunia mabegani, wakayapanga ukutani marefu kuliko mtu, katikati pakabaki nafasi ya mabenchi. Wanawake wakafungua vitenge na kuvitundika madirishani. Kila safu ilipoongezeka nilipiga kofi, na kila mara lilikufa mapema zaidi, mpaka likawa kofi tu. Nilisikia watu wakinong'ona upande wa pili wa ghala, kila neno. Mungu aliweka jambo hili ndani ya pamba, na sisi tulikuwaga tunaiuza kwa kilo tu!

Makosa yangu pia niliyarekebisha. Siku zote nilitega redio karibu na spika, nikidhani kelele nyingi ndiyo sauti nzuri. Safari hii nilifunga maikrofoni yangu kwa mpira pembeni ya ile ya mwenyekiti, upana wa kiganja kimoja kutoka mdomoni mwake. Spika nikazipunguza na kuzielekeza kwa watu, si ukutani. Halafu watu wakajaa, nao wakasaidia kumeza mwangwi uliobaki.

Mkutano ulipokwisha, jioni ile ile nikawa Butiama na kaseti. Baba alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akisikiliza hotuba nzima bila kupepesa macho. Sauti ya mwenyekiti ikasema: "Karani wetu hakuiba hata kilo moja. Tulimkosea, na ninaomba radhi mbele yenu wote." Kisha kimya, hata kikohozi cha mtu mmoja ungekisikia.

"Rudisha," akasema baba.

Nikarudisha. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inafuata kila neno. Nami nililia, sifichi.

"Betri zina nguvu?" akauliza.

"Zina nguvu, baba."

Akasimama, akavaa koti lake la kazini, akaibeba redio begani na kutoka nayo kuelekea sokoni, kaseti ikiwa inazunguka, sauti ya mwenyekiti ikisikika njia nzima.