Bibi Kwenye Dumu la Mafuta

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikipata uji, kiti na mlango uliofungwa, sina shida na mtu. Ndiyo maana sijui nilirogwa na nani hadi nikachagua kuishi kwa kupiga picha za sherehe, kazi inayonilazimisha kusimama ukumbini hapa Singida Mjini kila Jumamosi, nikiwaangalia watu wazima wakigombania kukaa karibu na keki.

Sherehe ninayoikumbuka ilikuwa ya kumuaga binti mmoja mwalimu, anayeolewa Manyoni. Aliyeniita ni mwenyekiti wa kamati, mjomba wa binti, mtu anayetembea kana kwamba amebeba mkoa mzima kifuani. Nilimuuliza ninayomuuliza kila mteja kabla sijashika kamera: ratiba ikoje, nani hawapaswi kukosekana kwenye picha, taa za ukumbi ni za rangi gani, picha zinatakiwa lini na za kufanyia nini. Akanijibu neno moja.

"Vyote."

Kisha akanisomea majina ya wachangiaji wakubwa, kwa kufuata ukubwa wa michango yao. Biharusi hakuwemo. Nilipomkumbusha, akasema huyo si ataonekana tu, amevaa gauni.

Tukaja kwenye bei. Yeye alitaka kujua picha moja ni shilingi ngapi, kama enzi za studio na pazia la maua. Nikamweleza kwamba nachaji kwa shughuli: kuanzia biharusi anapopambwa hadi watu wanapokula, pamoja na kuchagua na kusafisha picha, nusu ya malipo ikitangulia. Akaniambia ana kijana wa simu yenye kamera tatu. Nikamwambia mimi nina moja, basi amchukue huyo mwenye nyingi. Akasaini. Mkataba wangu ni karatasi moja tu, nimeuandika kwa Kiswahili cha mtu aliyeishia kidato cha nne, na bado hausomwi.

Biharusi alinipigia mwenyewe jioni yake. Hakuwa na maneno mengi. "Dada, wengine piga unavyoweza. Ila bibi yangu nataka awepo, na awe anacheka."

Hayo ndiyo maelekezo ya kazi. Sentensi mbili, na ninajua nisimame wapi.

Bibi alikaa meza ya nyuma, maana mchango wake ulikuwa kuku, na kuku hawana meza ya mbele. Nilimwamkia, nikazungukazunguka. Mbele, mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya alizeti alishika kipaza sauti kumtakia binti heri, akasahau binti, akaanza kusimulia mashine zake za kukamua. Wakati huo nikamwona bibi ameinua uso, amefumba macho kwa kicheko, pengo la mbele liko wazi. Nikabonyeza. Mara moja kwa mwaka napata picha kama ile, nyingine zote ni watu na soda.

Nyumbani nikajifungia na kompyuta. Hapo ndipo ninapopapenda. Nikatupa waliofumba macho kwa flashi, waliotafuna, na zilizojirudia. Mpambaji alikuwa ameweka taa za zambarau, ukoo mzima ukaonekana kama umekabwa, nikakaa kurudisha rangi ya ngozi, uso mmoja mmoja. Kisha nikamtumia biharusi linki ya picha za kuchagulia: ndogo ndogo, zenye jina langu na namba yangu ya simu katikati. Akishachagua ndipo nasafisha zile na kumpa kubwa, zisizo na maandishi. Mwenyekiti naye aliipata linki, akanipigia kudai hadi za waliofumba macho, kwa kuwa wamezilipia. Nikamwambia hata mchele hupepetwa kabla ya kupikwa, na pumba hatumpi mgeni.

Wiki chache baadaye simu yangu ikaanza kuita. Mama mmoja akaniuliza dumu la lita tano nauzaje. Nikadhani amekosea namba. Akaja mwingine, akaulizia lita ishirini na kama nafikisha hadi Unyambwa. Wa tatu nilimuuliza namba kaipata wapi.

"Si iko hapa kwenye paji la uso la bibi," akasema.

Nikavaa viatu, jambo ambalo silifanyi kirahisi katikati ya wiki, nikaenda sokoni. Madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa, bibi anacheka kwenye lebo ya kila moja, jina langu likiwa limempitia usoni kama kovu. Nilipompigia mwenyekiti, akakiri kuwa aliikata picha kwenye simu yake na kumrushia rafiki yake wa mafuta, yule wa kipaza sauti. Hawakuwa hata na haya ya kungoja picha safi.

Nilimkuta mwenye mafuta dukani kwake. Alinipokea vizuri kabisa, akanipa kiti, akidhani nimekuja kumshukuru.

"Ile shughuli nilichangia mimi," akasema. "Picha ni zetu sote."

"Ulichangia wali, mzee wangu. Wali uliliwa."

Nikamtolea ile karatasi aliyosaini mwenyekiti. Picha ni za matumizi ya familia: albamu, ukutani, kurushiana kwenye simu. Kuzitumia kwa biashara ni ruhusa nyingine, kwa bei nyingine, inayosema zinatumika wapi na kwa muda gani, na aliyemo kwenye picha lazima akubali kwa maandishi. Bila bibi, hata mimi niliyepiga sina cha kumuuzia.

Akauliza bei ya ruhusa hiyo. Nikaitaja, na nakiri nilipoitaja niliona bati jipya juu ya jiko langu. Hakushtuka. Alisema bibi si tatizo, bibi mwenyewe atafurahi kuwa maarufu. Tukampitia biharusi, aliyekuwa bado anangoja uhamisho wa ualimu kwenda Manyoni, tukapanda gari lake hadi kwa bibi, dumu likiwa limekaa mbele kama mgeni rasmi.

Bibi alikuwa anapukuchua alizeti uani. Tulimpa shikamoo zote, akazipokea bila haraka. Mjukuu akamweleza kwa Kinyaturu, kirefu, akimwonyesha dumu. Bibi akaligeuza huku na huku. Mwenye mafuta akaanza kumwambia namna atakavyojulikana hadi Dodoma.

"Hapa nacheka nini?" bibi akauliza kwa Kiswahili.

"Unafurahia, bibi," akasema mwenye mafuta.

"Nakukumbuka. Ulikuwa umeshika kile kipaza, unatangaza mashine kwenye shughuli ya mjukuu wangu. Nilikuwa nakucheka wewe." Akalirudisha dumu miguuni pa mwenye mafuta. "Sasa unataka nikucheke kila jikoni? Hapana. Nitoe humo."

Mjukuu alijiziba mdomo kwa kanga. Mimi nilitazama kuku. Mwenye mafuta akatamka kiasi cha pesa, akakipandisha, na bibi akaendelea kupukuchua hadi mtu mwenyewe akalibeba dumu lake kulirudisha garini.

Bati langu likaishia hapo. Siku iliyofuata vibarua wake walikaa nje ya duka wakibandua bibi kwa kisu na maji ya moto, na nilipita makusudi kuhakikisha, mimi nisiyependa kutoka.

Hajakoma, lakini. Juzi alikuja hadi mlangoni kwangu amevaa suti ya kijivu. Anataka nimpige yeye, sura yake ndiyo ikae kwenye dumu. Nikamtajia bei ya kumpiga, na bei ya ruhusa ya biashara kando, mwaka mmoja, kwenye madumu tu. Akanitazama kama nimemwibia.

"Dada, uso si wangu mwenyewe?"

"Ni wako, mzee. Huo hakuna anayeugombania."

Amesema atakwenda kuwaza. Mpaka leo madumu yake yana picha ya ua la alizeti, limepigwa kwa simu, liko upande.