Namba Nne Katika Ratiba ya Dhifa

Mtu akinisifia sauti, naudhika. Nimehama miji mingi tangu nilipoondoka Mtwara, na kila ninapofika hutokea mtu wa harusi au wa chama cha ushirika akaniambia, "Ndugu, una sauti ya kuendesha shughuli." Nakataa. Wanadhani najivuna. Sauti hiyo niliitumia jioni moja nikiwa na miaka ishirini na kitu, na hasira ya jioni ile bado ninayo, mbichi kama ilivyokuwa.

Baba yangu aliletwa Mtwara na kazi ya bandari, kwa hiyo tulikuwa watu wa bara, ingawa mimi nilikulia mtaa wa Shangani na kusomea hapo hapo hadi kidato cha nne. Nikapata ukarani kwenye kiwanda cha korosho. Wabanguaji walikuwa karibu wote wanawake wa vijijini, wengi kutoka upande wa Nanyamba, Waislamu, wenye mashamba yao ya mikorosho na mihogo ambayo bado waliyalima siku za mapumziko. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Mbanguaji hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo viganjani kabla hajashika nyundo, na hata hivyo vidole humenyeka. Mwaka ule mafuta ya nyonyo yalikuwa yanatolewa kwa kijiko. Wiki nyingine hata kijiko hakikuwapo.

Uongozi ukatangaza dhifa ya kuwapongeza wafanyakazi hodari. Mgeni rasmi angetoka Dar es Salaam. Mimi nikaambiwa niwe mshereheshaji, kwa kuwa nilisoma magazeti kwa sauti kantini wakati wa chakula cha mchana na watu walicheka mahali pa kucheka.

Sikujua kazi hiyo. Nikamwendea mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliyekuwa akiendesha harusi na vipaimara mjini. Alinifundisha barazani kwake siku mbili. Jinsi ya kutaja wakubwa kwa mfuatano, kuanzia mgeni rasmi kushuka, bila kumruka mtu wala kumtaja mara mbili. Kwamba utani uje mapema, tena umguse mshereheshaji mwenyewe kwanza. Kwamba watu hufuata utaratibu kama wanajua mambo manne: watakula saa ngapi, watanawa wapi, nani atasema na kwa dakika ngapi, na wataondoka lini. "Watu hawafanyi fujo kwa sababu ni wakorofi," alisema. "Wanafanya fujo kwa sababu wana njaa na hawajui." Halafu akasema neno ambalo ndilo kisa chote cha habari hii: "Utakachokitaja kwenye ufunguzi, ukumbi mzima utakidai. Usichokitaja, hakipo."

Ratiba ilidurufiwa ofisini. Namba nne ilisema: Neno la wabanguaji, dakika tatu. Msemaji alikuwa mama mmoja mtu mzima, mbanguaji wa tangu kiwanda kinafunguliwa, mfupi, mcheshi, mwenye vidole vyeusi vilivyokakamaa kama mizizi. Wenzake walimchagua aseme mbele ya mgeni rasmi jambo moja tu: mafuta na glavu. Barua walikwisha kuandika. Zilifika kwa meneja zikaishia hapo. Siku ile mtu wa juu yake angekuwa amekaa mita tano kutoka kwenye kipaza sauti.

Saa kumi alasiri meneja alinikuta napanga viti. Alikuwa mtu wa bara kama mimi na alipenda kunikumbusha.

"Kijana wetu, ile namba nne usiitangaze. Muda ukiruhusu tutaona."

"Imeshagawiwa, mzee. Wanayo mikononi."

"Karatasi ni karatasi. Wewe ndiye utakayesema."

Alijua, kumbe, lile lile alilolijua mwalimu wangu.

Nusu saa baadaye mama akaja. Amevaa khanga mpya, doti nzima, na amejipaka hina kufunika weusi wa vidole.

"Baba, unaniita saa ngapi? Nijue kama nasali kwanza au nasema kwanza."

Nikaitazama ratiba. Magharibi haikuwamo. Tulikaa kuiandika ofisini, makarani wanne wa bara, tukapanga hotuba juu ya adhana, na nusu ya ukumbi ingetoka nje sisi tunaendelea kusoma namba. Niliona aibu. Nikamwambia, "Utasali kwanza, mama. Nitasimamisha shughuli. Mkirudi, wewe ndiye wa kwanza."

"Usinidanganye. Nimekariri haya maneno nimemchosha hata mbuzi wangu."

Saa kumi na mbili na robo watu walikuwa wamekaa. Meza kumi na mbili, kila moja na namba yake kwenye kipande cha boksi, makuti na maua ya bogonvilia ukutani, meza kuu imetandikwa kitambaa cheupe. Nikaomba watu wasimame, meza kuu ikaingia, ikaketi, tukaketi. Nikapuliza kipaza sauti.

"Ndugu mgeni rasmi, ndugu meneja, ndugu viongozi wa meza kuu, ndugu wafanyakazi wenzangu, habari za jioni! Mimi ndiye karani anayewaandikia mishahara ikichelewa. Leo nimepewa kipaza sauti ili mnizomee kwa karibu."

Walicheka. Meza ya tatu mtu akapiga kelele, "Tukuzomee kabla ya wali au baada?"

"Baada, ndugu, mkiwa na nguvu. Na wali mtaula saa moja na nusu, si dakika moja zaidi. Maji ya kunawa yako mlango wa kushoto. Meza zitaitwa kwa namba, tunaanza na ya mwisho karibu na mlango, kwa sababu wa nyuma ndio huwa wanapata mifupa." Hapo makofi yalikuwa makubwa, na nikaona wameshakuwa wangu. Nikawafundisha kofi la usiku huo: mawili madogo na moja kubwa, kama nyundo inavyogonga korosho. Ta, ta, pa. Wanawake walilishika mara moja, wanaume wa ofisini wakapotea mara mbili, wakachekwa. Tukakubaliana kwamba kofi hilo likipigwa, maongezi yanakoma. Nikalijaribu. Watu mia na zaidi wakanyamaza. Sijawahi kujisikia mkubwa vile.

Nikaeleza mtiririko. Sasa hivi dua fupi ya dini zote mbili. Halafu, "adhana ikilia tutasimama kwa dakika ishirini. Wanaosali, wanaume msikitini ng'ambo ya ua, akina mama kwenye ghala la magunia, mikeka imetandikwa. Meza ya kumi, kumi na moja na kumi na mbili mtatumia nafasi hiyo kunawa, mimi nitakuwa pale bombani kuwapanga." Ukumbi mzima ukashangilia sala kuwekwa kwenye ratiba. Nikamtazama meneja. Alikuwa anatabasamu kwa mgeni. Nikasema haraka, kabla woga haujanishika: "Tukirudi, namba nne, neno la wabanguaji, dakika tatu. Halafu ndugu meneja, dakika tano. Halafu mgeni rasmi."

Ta, ta, pa. Ukumbi mzima. Hata meneja alipiga, na akalipiga vizuri.

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa mjinga. Nilikuwa nimemwambia meneja, mbele ya mashahidi, dakika gani wabanguaji watakuwa nje, kwa muda gani, na mimi mwenyewe nitakuwa wapi.

Adhana ikalia. Wakatoka kwa utulivu, safu kwa safu, kama nilivyowaeleza. Nikaenda bombani na ndoo na sabuni. Nilikuwa namwagia maji mikono ya fundi mmoja wa boila ndipo nikasikia kipaza sauti kikikohoa. Ilikuwa sauti ya meneja. Akasema kwamba kwa sababu zisizozuilika mgeni rasmi ana udhuru, kwa hiyo tutasogeza mambo mbele kidogo. Nikaiacha ndoo. Nilipofika ndani mgeni alikuwa amekwisha simama anahutubia viti vitupu na watu wa ofisini. Alizungumza juu ya uzalishaji. Aliwasifu akina mama kwa mikono yao isiyochoka, ilhali hata mmoja wao hakuwamo. Makarani wakapiga ta, ta, pa.

Nikamsogelea meneja. "Mzee, bado hawajarudi."

"Nani aliwatoa?" Alisema polepole, bila kunitazama. "Haya, simamisha watu. Mgeni anatoka."

Kwa utaratibu, mgeni rasmi haondoki mpaka mshereheshaji awaambie watu wasimame. Kama ningekaa kimya, angelazimika kukaa, walau kwa aibu. Dakika nne tu zingetosha. Mwanamke wa kwanza alikuwa ameshafika mlangoni, miguu bado ina maji ya udhu, na nyuma yake niliona khanga mpya.

Nikasema. Kwa sauti nzuri kabisa, ya kutoka kifuani, kama nilivyofundishwa: "Ndugu zangu, naomba tusimame kwa heshima, mgeni wetu rasmi anatuaga."

Akina mama walikuwa wamesimama tayari. Wakasogea kando kumpisha. Mgeni akampa mkono yule mama, nadhani bila kujua ni nani, akamwambia hongereni kwa kazi, akapita. Mama alibaki anautazama mkono wake mwenyewe. Baadaye dereva wa mgeni alituambia udhuru ulikuwa nini: samaki wa Msimbati, waliochomwa nyumbani kwa meneja, Shangani.

Nilimwita mama hata hivyo. Namba nne. Sikujua la kufanya jingine. Alikuja mpaka kwenye kipaza sauti, akakitazama kile chuma, kisha akanitazama mimi.

"Nikiambie nini hiki?" aliuliza. Swali lilisikika mpaka nyuma. "Na wewe baba, kumbe na wewe ni kipaza sauti? Anayekishika ndiye anayesema?"

Hakuna aliyecheka. Akasema dakika zake tatu zimetoka na gari la mgeni, waliobaki humu wote wanaijua hali ya mikono yao, hahitaji kuwahutubia. Akarudi kwenye meza yake. Nikaita meza ya kumi na mbili, tukala wali saa moja na nusu, si dakika moja zaidi. Hakuna aliyesukumana. Hakuna aliyepata mifupa peke yake. Ilikuwa shughuli ya mpangilio mzuri kuliko zote zilizowahi kufanyika pale, kila mtu alisema hivyo.

Asubuhi yake meneja alinisimamisha kwenye korido mbele ya wachapaji. Akanishika bega.

"Ulifungua vizuri sana. Ule ufunguzi ndio uliotusaidia."

Nilisema, "Asante, mzee."

Asante! Nimelirudia neno hilo kwenye mabasi ya Songea, kwenye vyumba vya kupanga Tanga, kwenye boti ziwani, na kila mara nataka kulitema. Nilikaa kiwandani miezi mitano zaidi. Kila asubuhi nilipita mbele ya benchi la yule mama, naye aliniitikia salamu vizuri tu, huku anachovya vidole kwenye kopo la majivu. Glavu sikuziona mpaka nilipoondoka.