Majani ya Mlangoni kwa Shangazi

Shangazi yangu alipoamua kuolewa tena, na wajukuu wake wanasoma sekondari, alitoa sharti moja tu: ndoa ifungwe Kigombe, mbele ya mlango wa nyumba yake. Nyumba ile kaijenga mwenyewe kwa kukaanga samaki. Ndoa ya kwanza alifungiwa kwa watu, hakuulizwa hata rangi ya nguo. Mchumba wa sasa, mkulima wa karafuu kutoka Pemba, alisema popote sawa. Aliyegoma ni kaka yake mkubwa, yaani baba yangu. "Pale ni pori," alisema. "Turubai litasimama kwangu mjini, Usagara."

Hakusema uongo. Masika yote shangazi alikuwa kwa binti yake huko Muheza, na uani majani yalifika kiunoni. Nikamwambia baba aniachie mie, nina mashine ya kufyekea, ya petroli, niliyoinunua kwa ajili ya kashamba kangu ka michungwa. Akasema siku ya kuamkia ndoa atapiga simu alasiri, na kama bado pana majani, gari la turubai halitoki mjini.

Siku hiyo nilifika asubuhi na mashine begani, maringo tele. Shangazi alikuwa kakaa kizingitini, mikono na miguu imejaa hina mbichi, na mwanamke aliyempaka kakaa pembeni akimlinda asiguse kitu. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, nikavuta mpaka kilemba kikaanguka, na mashine haikutoa hata kikohozi.

"Huyo kalala," alisema shangazi. "Muamshe kwa adabu."

Nikafungua plagi. Ilikuwa imelowa petroli, mie na hasira zangu nilikuwa nimeinywesha kupita kiasi. Nikaikausha, nikasugua masizi, nikavuta kamba plagi ikiwa nje ili injini iteme ilichomeza. Nikasogea mbali na pale palipomwagika, nikaigusisha plagi kwenye chuma cha injini na kuvuta: cheche ya buluu, nzuri kabisa. Nikairudisha. Mashine ikakohoa mara moja, ikafa.

Basi nikafungua kifuniko cha chujio la hewa. Loo, aibu. Kile kisponji kilikuwa cheusi, kimejaa vumbi la kiangazi chote. Injini ingepumulia wapi? Nikakifua kwa maji ya sabuni, nikakikamua, nikakianika juani. Nikakaa chini nakitazama kikikauka huku adhuhuri ikiadhiniwa. Shangazi hakunitania tena. Alikuwa anatazama majani yake, na nilijua anaiona Usagara.

Kilipokauka nikakipaka oili kidogo, nikakirudisha mahali pake. Nikabonyeza kile kipira kinachovuta mafuta, nikavuta kamba. Ikawaka, ikanguruma kinyonge, ikazima. Nikaitukana mashine, sisemi tusi gani.

"Lete hilo dumu hapa," alisema shangazi. Nikampelekea dumu la petroli nililojazia mashine. Akanusa kwa mbali, akakunja uso. "Hii petroli au rangi ya mlango? Umeichanganya na oili lini?"

"Msimu uliopita."

"Na unamnywesha mtu hiyo?"

Nikabisha. Nikasema mafuta si maziwa, hayagandi, na mchanganyiko mzima siutupi. Yeye akanitazama tu. Nikamimina yote ya tangini kwenye kopo la kando, nikamtuma bodaboda petroli mpya. Nikaichanganya na oili yake kwenye chupa safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine, nikatikisa, nikajaza. Nikabonyeza kipira mpaka mapovu yakaisha na mafuta yakaonekana ndani. Nikafunga choki, ile ya kubana hewa, nikavuta: ikakohoa. Nikafungua choki, nikavuta.

Ikalia. Haki ya Mungu, nililia nayo. Yule mwanamke wa hina akapiga kigelegele, nami nikaingia majanini nikifyeka huku nacheka peke yangu, vipande vya majani vimenijaa mpaka kwenye nyusi.

Baba alipopiga, nusu ya uwanja ilikuwa bado. Mwanamke wa hina ndiye aliyeshika simu, akaielekeza kwenye mlio wa mashine. Shangazi alimwacha kaka yake asikilize.

Gari la turubai liliingia jua limeinama, baba kakaa mbele na dereva. Akateremka, akatembea juu ya majani yaliyofyekwa mpaka katikati ya uwanja, mikono nyuma. Vijana wakashusha vyuma, wakamngojea awaonyeshe pa kuchimba. Yeye akamgeukia shangazi kizingitini.

"Dada," alisema, "unataka lisimame wapi?"

Hina aliyorudiwa kupakwa alasiri ilikuwa bado haijakauka vizuri. Shangazi akaonyesha kwa kidevu, na machozi yanamtiririka asiweze kuyafuta.