Maneno Chini ya Picha ya Kileleni

Picha ile ililetwa na mzungu ambaye kaka yangu alikuwa mpishi wake, wakapanda Kilimanjaro pamoja. Kaka amesimama kwenye theluji, meno nje, na kila jirani aliyeingia kwetu Kariakoo alimpa mama hongera, eti kijana anacheka. Nilikuwa nikikasirika. Kaka alishaniambia hakuwa anacheka. Midomo ilikauka kwa baridi, haikufungika.

Fundi wa fremu aliibandika kwenye kadi, akaacha nafasi ya maneno chini yake. Mama alitaka niandike, "Mwanangu ameushinda mlima." Kaka hakutaka sifa hiyo, lakini kweli yenyewe alikuwa akimficha mama. Vidole vyake vya miguu vilikatwa hospitalini Moshi, naye akamwambia viliangukiwa na sanduku stesheni. Ukweli ni kwamba viliuawa na baridi. Kabla ya safari mama alichana kanga yake, akamfundisha kujiviringishia miguu na kukaza sana, kama tufungavyo mguu unaouma huku pwani. Ndani ya buti finyu, damu haikupata njia.

Alasiri moja, mama akiwa uani, kaka alikaa mkekani, nami nikashika kalamu.

"Andika hivi," akasema. "Hapa nimechoka, hata furaha sina. Tumepanda usiku kucha kwenye changarawe, hatua moja kisha unasimama kutafuta pumzi. Baridi imenichoma miguu mpaka nimeacha kuisikia. Na bado kushuka."

Nikaandika. Kisha akashusha sauti.

"Haya usiandike. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Changarawe inaporomoka na wewe, magoti yanatetemeka, kila hatua vidole vinagonga buti kwa mbele, na mimi sina habari. Nilipovua viatu kibandani, vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, vigumu. Nikavipasha moto, maumivu yakaja hapo, nikapiga kelele. Kesho yake malengelenge, na bado ni kutembea. Tulipofika Moshi vikawa vyeusi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Vile vitambaa," akauliza, "ulivilegeza?"

Kaka akainama. "Vilinifaa sana, mama."

Mama akakaa chini, akamshika miguu yote miwili, akaitazama kwa muda mrefu. "Pole, baba," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Ongeza hapo: mama yake ndiye aliyemfunga miguu."

"Usiandike, dada," kaka akaniambia.

"Andika."

Nilitamani wino umwagike. Roho iliniuma kwa ajili yao wote wawili, na hakuna aliyekuwa tayari kunisaidia. Mama hakulia wala hakuondoka, alingoja tu, nami sikuwahi kumshinda mama.

Nikaandika. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo akaniomba nimwonyeshe ni lipi kati ya maneno yale lililosema "mama". Nikamwonyesha, naye akaliwekea kidole wino ukiwa bado haujakauka.