Sahihi ya Mwongeli Mpakani

Mwongeli alinunua ploti yake ya Uthiru kwa jasho la kuuza vitambaa Ngara, na hati ya shamba ilitoka kwa jina lake. Mumewe, Musili, alikufa miaka mitatu baadaye.

Mwaka huu jirani yake Karanja alitaka kujenga ukuta wa mawe mahali pa ua wa miiba ya kayaba. Wakafyeka, wakazipata bikoni mbili, yale mawe ya mpaka, wakakubaliana ukuta ufuate mstari ulionyooka kati yazo. Mwongeli ndiye aliyeandika barua kwa mzee wa mtaa, Zedekiah: “Tunaomba uje ushuhudie na kuandikisha makubaliano yetu ya mpaka.” Wote wawili wakatia sahihi na nambari za vitambulisho.

Walipompelekea, Zedekiah aliisoma, akaikunja.

“Mama, mambo ya mpaka ni ya wanaume wenye boma. Mwite shemeji yako aje asaini.”

“Shemeji yangu yuko Machakos. Hata choo changu hajui kiko upande gani!”

“Ndiyo utaratibu wetu.”

Mwongeli akamgeukia Karanja. Karanja alikuwa akitazama viatu vyake. Hapo hasira ilimpanda Mwongeli. Aliichukua barua, akaenda moja kwa moja kwa naibu wa chifu na nakala ya hati mkononi.

Naibu wa chifu, Jackton, alizisoma zote mbili pole pole.

“Mngekuwa mnagombana ningewatuma kwa msajili wa ardhi, kwa sababu mimi sipimi mipaka. Lakini mmekubaliana. Yangu ni kushuhudia tu. Kwenye hati kuna jina la nani?”

“Langu.”

“Basi wewe ndiye utasaini. Alhamisi saa nne nakuja na Zedekiah aandike.”

Akaigonga barua muhuri wa kupokelewa.

Alhamisi walikuja, Zedekiah akiwa na daftari lake. Kamba ikavutwa kutoka bikoni hadi bikoni, majirani wawili wakitazama. Zedekiah aliandika, akampa Mwongeli kalamu. Mwongeli akasoma kwanza: “Karanja, mwenye ploti, na mke wa marehemu Musili.”

Akairudisha kalamu.

“Huyu mke wa marehemu hana jina? Karanja ni mwenye ploti, na mimi ni mgeni wa nani?”

“Mama, ni maneno tu haya.”

“Kama ni maneno tu, yabadilishe.”

Jackton alinyoosha kidole tu kwenye ule mstari. Zedekiah akaukata, akaandika “Mwongeli, mwenye ploti”, na wote wakatia sahihi ndogo kando ya marekebisho. Nakala tatu zikaandikwa: moja ya Mwongeli, moja ya Karanja, moja ya faili ya ofisi.

Wengine walipoondoka, Karanja alibaki.

“Jirani, siku ile nilipaswa kusema kitu. Nisamehe.”

“Siku ile ndiyo nilikuhitaji,” Mwongeli alimjibu, akaingia ndani. Chai aliyokuwa amepika akainywa peke yake.