Atachimenti ya Dufie

Kwa akina Amponsem kulikuwa na kanuni moja: andika kile mizani ilichosema. Baba alikuwa karani wa kununua kakao, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameandika uzito wa magunia ya watu bila kuongeza wala kupunguza hata kilo moja. Dufie, bintiye wa tatu, alikua akiisikia kanuni hiyo kama wengine wanavyosikia sala ya chakula. Aliishika mpaka mwezi wa tano wa mwaka wake wa kwanza chuoni Kumasi, kisha akaivunja kwa ajili ya neno moja ambalo hakulielewa.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa idara ya kemia. Maabara moja ya kupima maji ilihitaji wanafunzi watatu wa kujifunza kazi kwa wiki nane za likizo ndefu. Mwombaji atume barua na wasifu wake kwa Bi Enyonam Agbeko, ofisa wa ajira.

Dufie hakuwa na mengi ya kujisifia. Alikuwa na matokeo ya muhula mmoja tu, masomo saba, na moja kati ya hayo alilipita kwa kuponea tundu la sindano. Kazi aliyowahi kufanya ilikuwa kumsaidia baba kujaza daftari msimu wa mavuno. Hayo ndiyo aliyoyaandika kwenye wasifu na kwenye barua, bila chumvi, na barua ikatoka fupi lakini safi. Akaituma kwa barua pepe kwenye simu akiwa amekaa kitandani bwenini, bakuli la gari, zile chenga za muhogo, na karanga mapajani.

Siku mbili baadaye jibu likaja: "Mpendwa Dufie, asante kwa barua yako. Atachimenti haipo. Tafadhali rekebisha kabla ya Alhamisi saa sita mchana."

Aliisoma mara nne. Chuoni hapo, atachimenti lilikuwa jina la zile wiki ambazo mwanafunzi hupelekwa kazini kujifunza. Wakubwa wa mwaka wa pili na wa tatu hawakuwa na wimbo mwingine: fulani yuko atachimenti bandarini Tema, fulani kapata atachimenti benki. Sasa yeye alikuwa anaomba atachimenti, na mama huyu anamwambia atachimenti haipo. Basi nafasi zimekwisha? Kama zimekwisha, arekebishe nini?

"Lamiley," alimwita mwenzake wa chumba, msichana wa kabila la Waga kutoka Labadi, Accra, aliyekuwa mwaka wa pili na kwa hiyo alijua kila kitu. "Hebu soma hii. Mimi kichwa kimegoma."

Lamiley alisoma huku anasuka nywele zake mwenyewe. "Si iko wazi? Wanataka uwe umeshafanya atachimenti mahali pengine. Wameangalia barua yako, hawakuiona."

"Lakini mimi mwaka wa kwanza! Nitaifanyia wapi?"

"Ndivyo walivyo hao. Wanataka mtoto aliyezaliwa anatembea."

"Sasa wanaposema nirekebishe?"

"Rekebisha, basi! Shangazi yangu ana maabara ya kliniki kule Accra. Andika ulikaa kwake wiki sita. Wakimpigia simu, nitakuwa nimeshamwambia."

"Sikukaa kwake hata dakika sita."

"We Dufie, utakufa maskini na ukweli wako. Nani hapa barua yake haina maji kidogo? Unadhani wenzako wanaandika nini, zaburi?"

Angeweza kuuliza. Namba ya simu ya Bi Agbeko ilikuwa chini ya barua, na mhadhiri wake alikuwa ofisini hatua mia mbili kutoka bwenini. Lakini aliona haya: mtu anayeomba kazi atampigiaje mwajiri kumwambia sijaelewa Kiingereza chako? Aibu ya kuuliza imewaponza wengi wenye akili, na Dufie alikuwa na akili. Kutwa nzima ya Jumatano alizunguka na swali lake kama mtu aliyebeba mzigo usio na mwenyewe. Mara aliona Lamiley yuko sahihi, mara akaona barua ile ina maana nyingine iliyojificha, ila hakujua ni ipi.

Jioni akaandika. Wiki sita, maabara ya kliniki, Accra. Alipokea sampuli, akapima, akaandika majibu kwenye rejista. Aliomba radhi kwa kusahau kuitaja atachimenti hiyo mwanzoni. Akabonyeza.

Asubuhi ya Alhamisi, saa tatu, simu iliita.

"Dufie Amponsem? Agbeko hapa, wa maabara ya maji."

"Ndiyo, Madamu. Habari za asubuhi, Madamu."

"Nzuri, binti yangu. Nimepata barua yako ya pili, lakini umenichanganya kidogo. Mimi nilikwambia atachimenti haipo, yaani faili. Karatasi ya wasifu wako. Hukuiambatisha kwenye barua."

Dufie akaitoa simu sikioni, akaitazama. Faili. Lilikuwa humo humo kwenye simu yake, limelala tangu wiki iliyopita.

"Uko hapo?"

"Niko, Madamu."

"Nitumie sasa hivi. Na usiogope mwaka wa kwanza. Tunachukua yeyote, ndiyo maana tangazo halikutaja mwaka."

Simu ikakatika. Lamiley alikuwa ameshatega sikio. "Umeponea! Ongeza mstari mmoja tu kwenye huo wasifu, wiki sita, ufanane na barua. Dakika mbili!"

Wasifu ule ulisema kweli tupu. Barua ilisema uongo. Kuviacha vigombane ilikuwa hatari; kuvipatanisha kulihitaji uongo wa pili; na kukiri, hapo ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Dufie hakujua afanye lipi, na asiyejua huchagua lililo rahisi. Alituma wasifu kama ulivyo, bila neno, akijiambia kwamba hapo amerudi kwenye ukweli. Ukweli unaotumwa kimya kimya ili usionekane hauna tofauti kubwa na uongo.

Saa tano simu ikaita tena.

"Dufie, nina karatasi mbili mbele yangu. Moja ina kliniki, nyingine haina. Nishike ipi?"

Dufie alitoka barazani, mbali na sikio la Lamiley.

"Sikuulizi kwa hasira. Nataka kujua tu."

"Ya wasifu, Madamu," alisema Dufie. "Kliniki sikwenda. Nilidhani unataka atachimenti ya kazi. Nilichanganyikiwa."

"Sasa hapo mimi ndiye nachanganyikiwa. Sikukuuliza, na bado ukaniongopea?"

"Nisamehe, Madamu."

"Nimekusamehe, mama. Umekiri, na hilo nitalikumbuka. Lakini kuchanganyikiwa ni kusema sijaelewa. Wewe umeniandikia sampuli ambazo hukupima. Hapa tunaandika namba za maji wanayokunywa watoto wa watu. Nikikuweka kwenye rejista, nitalalaje?"

"Nitafanya hata kufagia, Madamu."

"Najua. Soma kwa bidii. Mwaka huu hapana."

Lamiley alisema yule mama ana roho mbaya.

Nafasi tatu zilijazwa mchana ule, na kati ya waliopata, wawili walikuwa wa mwaka wa kwanza kama yeye, hawana lolote zaidi ya matokeo ya muhula mmoja. Dufie alipoteza wiki nane za maabara ambazo wasifu wake wa kweli ulikuwa umetosha kumpatia.