Lori Lililochorwa Vizuri Mno

Siku hizi nikiwekewa sambusa ya nyama mbele yangu, naisogeza kwa aliye karibu nami. Sambusa yenyewe haina kosa. Kosa ni la ile saa ya mapumziko yaliyochelewa katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Katoyi, na la mtu mmoja aliyejifuta mafuta midomoni huku akituambia tuondoe minyoo kwenye hotuba.

Nilikuwa nimerudi Goma baada ya kuzunguka sana. Nilikuwa nimefanya kazi ya kusindikiza mizigo kwenye malori, nikauza vitambaa Kampala, nikalinda ghala Bujumbura, na kila mahali nilipofika nilikumbuka mahali nilipotoka. Nikiwa kwenye joto, naikumbuka baridi ya Butembo na maharage ya asubuhi. Nikiwa Butembo, nalikumbuka ziwa. Shule niliishia sekondari, lakini Kifaransa nilikipata vizuri kwa mapadri, na Kiswahili nimekula nacho njia nzima. Kwa hiyo niliposikia kwamba shirika moja linatafuta mkalimani mmoja wa kwenda nao kwenye kambi za wakimbizi za upande wa Mugunga, nilijiambia basi, sasa miguu itapumzika. Nafasi ilikuwa moja. Tulipewa kwanza mafunzo, halafu mtihani ungefanywa mbele ya mkuu wao wa mambo ya usafi, naye angemchagua anayemtaka.

Mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Mabanga naye aliingia. Tulikaa dawati moja Butembo tukiwa vijana. Ni yeye aliyenipokea niliporudi na mfuko mmoja. Ana sauti nzuri, ile ya kusoma somo kanisani, na mkono wa kuchora. Vibao vya vinyozi wa mtaa wetu, vichwa vile vyenye nywele zilizokatwa, vingi ni kazi yake.

Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mkalimani wa muda mrefu, mkavu kama muhogo wa juani. Alitufundisha kwamba mtu akisema dakika tatu au nne bila kukatwa, huwezi kuandika maneno yake, na wala usijaribu. Unaandika mawazo. Ukurasa unaushusha kwa mshazari: anayetenda juu kushoto, anachofanya katikati, anayetendewa chini kulia. Wazo likiisha, unapiga mstari. Pembeni kushoto unaweka viungo, kwa vifupisho vya Kifaransa: *ms* ni lakini, *pcq* ni kwa sababu, *dc* ni kwa hiyo. Mshale wa kupanda ni kuongezeka, wa kushuka ni kupungua. Neno likikataliwa, unalipiga mkwaju. Na mtu akisema kwamba mtu mwingine alisema, unachora mdomo mdogo, duara lililobanwa, mbele yake jina la aliyesema.

“Mdomo usiusahau,” alisema. “Ukiusahau, ahadi ya mtu inakuwa kazi iliyofanyika.”

Jambo la pili alilirudia mpaka tukachoka. Alama si picha. Nyumba ni mraba, basi, usiweke mlango. Mwenzangu alikuwa anaweka mlango. Anaweka na dirisha, na moshi juu ya paa. Mkufunzi alipita nyuma yake akamwambia, “Papa, unajenga au unasikiliza?” Tulicheka wote, yeye kwanza.

Siku ya mtihani waliletwa watu wa kutuhutubia. Mmoja alikuwa mama kutoka vilima vya Masisi, mkulima, anayekaa kambini. Alikuja na kitenge safi na viatu vya plastiki alivyoviosha nje bombani kabla ya kuingia. Mkuu wa usafi alikaa meza ya mbele. Hakuwa mtu wa kwetu, na Kiswahili hakukijua hata salamu. Sahani ya sambusa ilikuwa mbele yake kwa sababu mapumziko yalichelewa, naye alianza kula.

Mama alisimama, akasema kwa Kiswahili cha kwao, polepole, kama mtu anayehesabu mbegu. Wote tuliandika, kwa maana yeyote angeweza kuitwa. Alisema vyoo vyao ni vifupi, kwa sababu chini ni jiwe la volkano na jembe linarudi. Mvua ikinyesha, uchafu unapanda na kutoka nje, unafuata njia mpaka kwenye milango ya mahema. Asubuhi minyoo myeupe inatembea mahali wanapopikia. Watoto wanaikanyaga kwa miguu mitupu, halafu miguu hiyo hiyo inapanda mkekani. Wanawake wameacha vyoo, wanakwenda kwenye mawe kabla hakujakucha, lakini huko nako wanaogopa. Watu wenye gilet, vile vizibao vya mashirika, walikuja, wakasema kamiyo, lori la tangi, itakuja kuvuta uchafu. Mpaka leo wanaingoja. Anaomba wakubwa watume mtu aje aone kwa macho, tena aje wakati wa mvua.

Alikaa. Mkufunzi akamwita mwenzangu.

Alisimama vizuri, daftari juu ya kiganja, macho kwa wasikilizaji kama tulivyofundishwa. Kifaransa kilitoka kama maji ya bomba jipya. Jiwe la volkano alilisema, mvua alisema, milango alisema, minyoo aliigusa kwa mbali. Halafu akashusha macho kwenye daftari, akatabasamu, akasema kwamba kwa bahati nzuri lori limekuja kuvuta vyoo hivyo, na kwamba akina mama wanawaalika wakubwa waje kujionea wenyewe.

Mkuu alitikisa kichwa kwa furaha. Akaandika kitu. Akachukua sambusa nyingine.

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwa mwenzangu, nikaliona daftari lake aliporudi kukaa. Katikati ya ukurasa kulikuwa na lori. Sijaona lori zuri kama lile hata kwenye vibao vya gereji. Lilikuwa na tangi la mviringo, magurudumu yenye vyuma vyake, kioo cha dereva, na mpira wa kuvutia umejikunja kama nyoka mpaka kwenye shimo. Mdomo haukuwapo. Wakati mama anasema “mpaka leo tunaingoja,” mwenzangu alikuwa anamalizia mpira. Aliporudi kusoma alikuta lori limefika, shimo lipo, mpira umo ndani. Akasoma alichokiona.

Kwenye daftari langu palikuwa na *gil*, mdomo mdogo, mstari wenye nukta mbili chini yake kuwa ndilo lori, mshale, na chini *att.*, yaani wanangoja, lenye mkia mrefu mpaka mwisho wa karatasi. Baya kuliangalia. Lakini lilikuwa pale.

Mkufunzi aliuliza kama kuna mwenye kitu tofauti. Mwenzangu aliniangalia, akajua kwamba ninacho. Nilifikiria chumba chetu, sufuria yetu moja, ule usiku alionifungulia mlango bila kuuliza nitakaa siku ngapi. Nilifikiria pia nafasi, sitadanganya. Nikainua mkono, nikasema lori halijaja. Kwamba waliahidi tu.

Mkufunzi hakunijibu mimi. Alimgeukia mama, akamweleza kwa Kiswahili yaliyosemwa kwa Kifaransa.

“Ilikuja?” Mama aliniangalia mimi, akamwangalia mwenzangu, akaona labda tunamchezea. “Mimi nilisema walisema itakuja. Ingekuja ningesumbuka kutoka kule kwa nini? Kuja kunywa fanta?”

Watu wengine walicheka. Mkufunzi hakucheka. Aliniambia nisimame, nitoe hotuba yote kutoka mwanzo.

Niliitoa. Sikuwa na ile sauti. Niliposhuka kwenye wanawake wanaokwenda kwenye mawe nilikiruka kiungo, nikasema wanakwenda huko na nikaisahau hofu. Mkufunzi, aliyekuwa akiangalia daftari langu, akanirudisha: “Pembeni kuna *ms*. Soma pembeni.” Nikasoma, nikasema lakini wanaogopa. Minyoo sikuigusa kwa mbali. Niliisema ilivyosemwa: myeupe, mahali pa kupikia, miguu ya watoto, mkeka. Nilipofika mkekani mkuu aliinua mkono wenye mafuta.

Alisema kwa Kifaransa inatosha, watu wanakula. Akajifuta midomo kwa karatasi, taratibu, pembe hii na pembe ile. Akasema mkalimani mzuri anajua kuchagua. Kwa mfano, angesema hali ya usafi inatia wasiwasi, na kila mtu angeelewa. Minyoo ya nini?

“Ni yake,” mkufunzi alimjibu. “Aliisema yeye. Sisi hatuna ruhusa ya kuifagia.”

“Madamu, mimi nafanya kazi na wafadhili.”

Alisema hivyo huku akisogeza sahani mbali naye, na nzi mmoja akatua juu ya sambusa iliyobaki nusu. Nilimwangalia yule nzi akisugua miguu. Nilifikiri alikotoka, nikafikiri njia aliyopita. Kambini nilikuwa nimepita, harufu ile naijua, nayo haikunichefua siku niliyopita. Kilichonichefua ukumbini ni karatasi ile nyeupe na pembe zile mbili za mdomo.

Tulisubiri chini ya baraza. Mkufunzi na mkuu walibaki ndani, tukasikia sauti ya mkufunzi ikipanda, kisha ikakatika. Alitoka yeye kwanza, mfuko begani, akatuambia uamuzi si wake. Hakuongeza kitu. Aliniangalia kidogo, akaenda zake. Baadaye mkuu alitoka akampa mwenzangu mkono. Akasema ana uwepo mzuri mbele ya watu, na kwamba hizo alama ndogo ndogo atajifunza kazini.

Nilingoja mwenzangu aseme kitu. Hata neno moja, kwamba lori halijaja. Alisema asante, mara mbili, kwa ile sauti ya somo.

Mkuu alipoingia kwenye gari lake, mwenzangu alinisogelea. “Utasema nini?” akaniuliza. “Ungekuwa wewe ungekataa?”

Nilimwambia sijui. Halafu nikamwambia, “Lile lori lako, wataliandika kwenye ripoti. Halafu hakuna mtu atatuma lingine.”

“Nitawaelezea.”

“Kwa lugha gani? Kifaransa umekitumia sasa hivi kusema asante.”

Akaangalia viatu vyake, vilivyokuwa safi.

Mama wa Masisi alikuwa bado getini, anamngojea mtu wa pikipiki. Sambusa alizopewa alikuwa amezifunga kwenye kona ya kitenge. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa mambo ya ndani. Aliniuliza nani amechukuliwa. Nilimwonyesha kwa kidevu.

“Huyu wa kamiyo?”

“Ndiye, mama.”

“Huyu ndiye atakuwa mdomo yetu?”

Alifungua ile kona ya kitenge, akazitazama sambusa, akaifunga tena kwa nguvu zaidi. Akageuka pembeni, akatema mate juu ya mawe meusi, kwa adabu, mbali na miguu yangu. Pikipiki ikafika. Akapanda, akashika kitenge chake, na wakaondoka kuelekea barabara ya Sake, mahali ambapo mvua ilikuwa tayari imeufunika mlima.

Nilirudi chumbani, Mabanga, kwa miguu. Nikakunja nguo zangu, mfuko ukatosha kama ulivyotosha siku zote.